Sheria za darasa la kwanza zinazosomeka kwa picha

Sheria za darasa zinazotungwa na watoto ni kauli chache, nne au tano hivi, ambazo wanafunzi wenyewe wamezisema na kuziigiza, kisha zikachorwa na kubandikwa ukutani. Kwa mtoto wa miaka sita aliyeanza shule Januari, picha ndiyo sheria. Maandishi yaliyo chini yake atayafikia baadaye.

Ndiyo maana sheria husema la kufanya, si la kuacha. Katazo halichoreki. Ukichora mtoto anakimbia kisha ukamkata kwa alama ya kosa, mtoto ambaye daftari lake halijasahihishwa hata mara moja anaona mtu anayekimbia na mistari miwili juu yake.

Tuchukue darasa la Mbeya ambamo kila mtu anajibu kwa wakati mmoja. Mwalimu anauliza: "Jana tukihesabu, kwa nini hatukusikilizana?" Watasema, "Wanapiga kelele," na hakosi wa kuongeza, "Achapwe!" Adhabu hiyo haiandikwi. Swali linalofuata ndilo lenye kazi: "Sasa tufanyeje ili tusikie?" Aliyezoea Kisafwa au Kinyakyusa nyumbani huenda akakosa maneno, basi aje mbele aonyeshe. Akinyoosha mkono na kufunga mdomo, sheria imepatikana: "Tunanyoosha mkono, tunasubiri kuitwa." Sheria moja kwa kikao cha dakika 15 inatosha. Ya pili iachwe hadi kesho.

Kauli kama "Tuheshimiane" ni nzuri, lakini jaribu kuiigiza. Isiyoigizika haichoreki, na mtoto hatajua aanzie wapi.

Mchoro uwe wa mtoto mmoja na tendo moja, kwa kalamu nene kwenye nusu ya karatasi ya manila, bila maua wala nyumba nyuma yake. Kabla ya kubandika, funika maandishi umwonyeshe mtoto wa darasa la awali: "Huyu anafanya nini?" Picha ya mkono ulionyooshwa hukwama hapa mara nyingi. Mtoto atasema "anaaga" au "anaomba kwenda chooni". Mchore upya akiwa ameketi kwenye dawati, mdomo umefungwa, mwalimu amesimama mbele yake. Kisha ibandike kwenye kimo cha macho ya mtoto, takriban mita moja kutoka sakafuni. Walimu wengi huzipachika juu ya ubao, ambako wakaguzi tu ndio huzisoma.

Sheria pia inahitaji vifaa vyake. Msimu wa mvua, "Tunafuta matope mlangoni" itafuatwa siku ambayo gunia lipo mlangoni. Gunia likichukuliwa kusafishia ofisi, watoto wataingia na matope, na hapo kosa si lao. Mvua zikikatika mwezi Mei, toa picha hiyo, uwaulize watoto ni nini kinachowasumbua sasa.