Kikao cha mtumiaji kinakaa wapi seva zikiwa mbili?

"Tovuti yetu ya tiketi za basi ilienda vizuri na seva moja. Tumeongeza ya pili, sasa abiria wanatolewa nje katikati ya kununua. Kwa nini?"

Kwa sababu seva ya pili haiwajui abiria waliojitambulisha kwa ile ya kwanza. HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, haina kumbukumbu: kila ombi linafika kama la mtu mgeni. Ili abiria asiulizwe nenosiri kila anapobonyeza, seva humpa namba ndefu ya kubahatisha, na kivinjari huirudisha katika kila ombi kama kuki. Ni kama fishi ya hospitali: mgonjwa anabeba namba tu, faili lenye habari zake liko kabatini. Kikao ndilo faili lenyewe. Ndani yake mna jina la abiria, safari aliyochagua na kiti alichogusa. Basi swali lote ni kabati liko wapi.

Tuseme tovuti yenu imeandikwa kwa PHP: mipangilio isipobadilishwa, kabati ni folda ya diski ya seva ileile. Mifumo ya Debian na Ubuntu huziweka faili za vikao katika `/var/lib/php/sessions`, kila moja ikiitwa `sess_` na kufuatiwa na namba ya kuki. Seva ikiwa moja, hakuna ubaya wowote.

Sasa mfuate mama mmoja wa Kamalondo anayetaka kwenda Kolwezi. Mbele ya seva zenu kuna kigawa mzigo, tuseme Nginx, ambacho usipokiambia lingine hupeleka maombi kwa zamu: hili kwa A, linalofuata kwa B. Mama anaandika nenosiri, ombi linaangukia A. A inalikubali, inaandika faili la kikao kwenye diski yake na kumpa kuki. Anabonyeza orodha ya viti, ombi linakwenda B likiwa na kuki halali kabisa. B inatafuta faili lenye namba hiyo, haioni. Kwa kawaida PHP haikatai namba isiyoifahamu: inafungua kikao kipya kitupu chenye namba ileile. Kikao hakina jina la mtu, kwa hiyo programu inamrudisha mama kwenye ukurasa wa kuingia. Akionyesha ukurasa upya, pengine anaangukia A tena na anajikuta yuko ndani. Kwa kuwa maombi ya abiria wengine yanaingia katikati ya zamu, hitilafu haina mpangilio unaoonekana, na watu huanza kuilaumu simu au mtandao.

Mkiwa mmewasha `session.use_strict_mode`, jambo zuri kwa usalama, mambo yanakuwa makali zaidi. B inaikataa namba isiyoijua na kutoa kuki mpya inayofuta ile ya zamani kwenye simu ya mama. Hapo hata akirudi A hatambuliwi tena, ingawa faili lake bado liko pale.

Kuthibitisha ni rahisi. Ongezeni kwa muda mstari `add_header X-Seva $upstream_addr always;` kwenye Nginx, mwingie kwa akaunti ya majaribio, mchukue kuki yake, muiweke palipoandikwa NAMBA, na kurudia ombi lilelile:

```
for i in 1 2 3 4 5 6; do
  curl -s -o /dev/null -D - -b "PHPSESSID=NAMBA" \
    https://mfano.test/viti | grep -iE 'x-seva|location'
done
```

Ikiwa majibu ya A, tuseme `10.0.0.11`, ni safi na kila jibu la B, tuseme `10.0.0.12`, lina `Location: /ingia`, hamna haja ya kutafuta zaidi. Mkiacha `session.use_strict_mode` ikiwa imezimwa, mtakuta pia faili lenye jina lilelile kwenye seva zote mbili: moja lina maandishi, jingine lina baiti 0.

Wengi hapa hukimbilia dawa ya haraka: kumfunga kila abiria kwa seva moja. Nginx inayo amri ya `ip_hash`, inayochagua seva kwa kutazama anwani ya IP ya mteja. Kwetu Lubumbashi ninaipinga, na sababu yangu ni simu. Abiria wengi wanaingia kwa data ya simu, na makampuni ya simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani chache za pamoja. Tena `ip_hash` hutazama namba tatu za kwanza tu kati ya nne za anwani ya IPv4, hivyo anwani 256 jirani zote zinakwenda seva moja. Unaweza kukuta A inahema huku B imekaa bila kazi. Na abiria akihama kutoka laini moja kwenda nyingine, au kutoka Wi-Fi ya ofisi kwenda data, anwani inabadilika na anatupwa nje kama mwanzo. Kumfunga kwa kuki badala ya anwani kunaondoa matatizo hayo, lakini siku A ikizimika, vikao vyake vyote vinakwenda nayo, na kila mkitaka kuizima kwa matengenezo mnawafukuza watu.

Dawa ya kudumu ni kulitoa kabati ndani ya seva na kuliweka mahali ambapo zote zinafika. Hifadhi ya data iitwayo Redis inafaa, kwa kuwa inaweka data kwenye RAM na inajua kufuta yenyewe kilichopita muda wake. Mkishasakinisha kiongezi cha phpredis, andikeni haya kwenye seva zote mbili:

```
session.save_handler = redis
session.save_path = "tcp://10.0.0.20:6379"
```

Sasa mama akiangukia B, B inaiuliza Redis na kupata faili lilelile ambalo A iliandika. Seva yoyote inaweza kuzimwa, kubadilishwa au kuongezwa bila abiria kuhisi. Vikao vya zamani havihami, kwa hiyo kila mtu ataingia upya mara moja, fanyeni usiku.

Angalieni muda pia. phpredis hukipa kikao umri wa `session.gc_maxlifetime`, ambao kwa kawaida ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Abiria anayetoka kutafuta wakala wa kumwekea pesa kwenye simu anaweza kuchelewa zaidi ya hapo. Saa moja au mbili inawafaa zaidi.

Kuna jambo moja ambalo faili za diski zilikuwa zinawafanyia kimyakimya. PHP hulifunga faili la kikao ombi moja linapolitumia, la pili likasubiri. phpredis haifungi mpaka uiambie kwa `redis.session.locking_enabled = 1`. Bila hiyo, maombi mawili ya abiria mmoja yakienda pamoja, moja kwa A na jingine kwa B, litakalomaliza mwisho linafuta alichoandika mwenzake, na kiti alichochagua kinapotea kwenye kikao.

Na Redis yenyewe ikianguka, hakuna anayetambuliwa kwenye seva yoyote. Iwekeeni nakala kwenye mashine nyingine, na msiifungulie mlango wa intaneti: seva zenu tu ndizo ziifikie. Tiketi iliyolipwa isikae humo hata kwa dakika moja. Malipo na kiti kilichothibitishwa viandikwe kwenye hifadhidata papo hapo, ili kikao kikipotea, abiria apoteze kuingia tu na tiketi yake ibaki.