Huyo mbwa kwenye picha anacheka kweli?

Sisi madaktari wa mifugo tunatumiwa sana picha ya aina moja: mtoto kamkumbatia mbwa shingoni, mbwa mdomo wazi ulimi nje, chini imeandikwa "wanapendana hawa". Haya tuiangalie vizuri.

Usikimbilie uso, anza na mwili. Mbwa aliyetulia analegea. Kama kakakamaa, uzito kaupeleka miguu ya nyuma na kichwa kageuzia pembeni asikutane uso kwa uso na mtoto, huyo anatafuta pa kutokea. Mdomo sasa, hapa ndo wengi tunapigwa, maana ulimi ukining'inia tu na uso umelegea hamna shida, ila pembe za mdomo zikivutwa nyuma sana mpaka shavu linajikunja na ulimi umetanuka nchani, huko ni kuhema kwa joto au kwa wasiwasi, kicheko hamna. Jicho nalo likionyesha weupe pembeni, maana yake kichwa kaelekeza huku ila macho yanamchunga mtoto kule. Masikio yakiwa yamelala nyuma yamebana kichwa, au mkia kaubana katikati ya miguu, basi mimi hapo naacha kabisa kuita upendo. Ishara moja peke yake siipi uzito, nataka kadhaa ziseme kitu kimoja.

Ila picha nayo ina uongo wake. Mkia ulioinuka juu, umekaza na unatikisika kidogokidogo haraka, unaweza kuwa onyo, na ule unaopepea mpaka makalio yanayumba ni furaha, kwenye picha yote miwili imeganda huoni tofauti. Kulamba pua pia, huwezi jua ni hofu au kamaliza kula sasa hivi. Halafu kuna maumbile: jemani shepadi masikio kwa kawaida yamesimama, rotwaila wengi wamekatwa mkia, na mwenye masikio ya kuning'inia inabidi uangalie shina la sikio limevutwa wapi. Na kama picha kapigiwa juani Dar saa nane mchana, kuhema hakukuambii kitu.

Kosa lingine liko kwetu. Mwaka 2025 Holly Molinaro na Clive Wynne wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichukua video za mbwa wakabadilisha mazingira tu, mbwa yuleyule na mwendo uleule, na watu walioulizwa mbwa anajisikiaje wakabadilisha jibu kufuata mazingira waliyoonyeshwa. Kwa hiyo ziba mtoto kwa kidole, ndo umsome mbwa.

Ukitaka tukupe jibu la maana tutumie video, ianze kabla mtu hajamsogelea mbwa, na usiikate akishaachiwa: akijikung'uta na kuondoka, alikuwa anavumilia tu, akirudi mwenyewe kujisogeza, alipenda. Na kama mtoto bado kamng'ang'ania usimvute mbwa kwa nguvu, mwambie mtoto aachie mikono taratibu, halafu mwite mbwa aje kwako.