Tofauti ya 538,000 ambayo haikuwepo: kulinganisha skrinishoti ya benki na ya mauzo ya duka

Wenye maduka ninaowatunzia hesabu mara nyingi hawanitumii mafaili. Wananitumia skrinishoti WhatsApp: mbili za taarifa ya benki kutoka kwenye simu, moja ya jedwali la mauzo la Excel, na ujumbe chini yake. Huu ulitoka duka la vifaa vya ujenzi: "Mhasibu, wiki hii mauzo ya benki yamezidi hela iliyoingia kwa 538,000. Nitafutie iko wapi." Tarakimu nimezibadili, ila makosa ni yale yale.

Kuitafuta 538,000 ni kupoteza muda. Tofauti kati ya jumla mbili ni mabaki ya makosa kadhaa: mengine yameongeza, mengine yamepunguza, yakakutana katikati. Kinachotafutwa ni mistari, na kabla ya mistari lazima ujue kama picha zenyewe zimekamilika.

Hapo ndipo safu ya salio inapofanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mstari wa benki una salio lake, na kila salio lazima litokane na lililotangulia: salio la juu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Nilianza na salio la 1,240,000. Tarehe 3 ikaingia 185,000, likawa 1,425,000. Ikaingia 96,000, likawa 1,521,000. Tarehe 4 yakatoka makato ya 2,500, likabaki 1,518,500, kisha ikaingia 360,000: 1,878,500. Tarehe 5 ikaingia 96,000 nyingine: 1,974,500. Picha ya kwanza ikaishia hapo.

Picha ya pili inaanza tarehe 7, imeingia 128,000, salio 2,349,500. Hapana. 1,974,500 ukiongeza 128,000 ni 2,102,500. Zimeruka 247,000. Maana yake kati ya picha ya kwanza na ya pili kuna mstari, au mistari, ambayo kidole kiliipitisha wakati wa kuteremsha skrini. Nikaomba picha ya hapo katikati: tarehe 6, imeingia 247,000. Siku hizi ninamwambia kila mteja kwamba mstari wa mwisho wa picha moja lazima uonekane tena juu ya picha inayofuata. Hesabu hiyo ya salio inanasa pia tarakimu nilizosoma vibaya kwenye picha yenye ukungu, maana 3 na 8 zinafanana sana, lakini salio halikubali kosa hilo lipite.

Jedwali la mauzo halina salio, kwa hiyo ninaangalia namba za mistari pembeni kushoto. Zikitoka 42 zikaenda 45, kuna mistari imefichwa au imechujwa. Zikiwa za bluu, kuna kichujio. Na alama ##### kwenye seli si kosa la hesabu, safu imekuwa nyembamba tu, lakini mimi siwezi kuona kilichomo. Aipanue apige picha upya. Hapa namba zilikuwa zimefuatana bila kuruka.

Sasa benki imekamilika: zimeingia 1,112,000. Jedwali linasema 1,403,000. Tofauti ya kweli ni 291,000, na nusu ya kilichomsumbua mwenye duka, karibu, ilikuwa kwenye picha isiyopigwa.

Kinachofuata ni kuweka tiki mstari kwa mstari. Ninaoanisha kwa kumbukumbu namba ya muamala kwanza, kiasi cha pili, tarehe mwisho kabisa. Tarehe ni shahidi dhaifu: mteja aliyelipa Jumamosi jioni kutoka benki nyingine anaweza kuonekana kwenye taarifa Jumatatu. Kila mstari unapata tiki pande zote mbili au haupati kabisa, na mstari mmoja wa benki hauruhusiwi kutikiwa mara mbili.

Ya 185,000 ikaoana. Ya 96,000 ya tarehe 3 ikaoana. Ya 128,000 pia. Yaliyobaki bila tiki ndiyo hadithi nzima.

Jedwali lilikuwa na 360,000 mbili, tarehe 4 na tarehe 5, moja kwa jina la fundi, nyingine kwa jina la kampuni yake. Benki ina moja tu. Kumbukumbu namba zilikuwa zile zile. Kijana wa kaunta aliandika alipoonyeshwa ujumbe wa malipo, kesho yake mwenye duka akaona hela benki akaandika tena. Kabla sijasema "imerudiwa" niliomba kitabu cha risiti na idadi ya mabati yaliyotoka: risiti moja, mzigo mmoja. Hatua hii siiruki kamwe. Kama mzigo ungekuwa umetoka mara mbili, basi 360,000 ya pili ingekuwa mali iliyotoka bila kulipwa, pengine kwa ujumbe wa malipo wa kughushi, na kuufuta mstari ule kungeficha hasara.

Upande wa benki ikabaki 96,000 ya tarehe 5. Kwenye jedwali haipo. Ilikuwepo: mwenye duka aliona 96,000 mbili zimekaribiana, akadhani moja imejirudia, akafuta. Kumbukumbu namba zilikuwa tofauti, wateja wawili, kila mmoja na mzigo wa bei ile ile. Kwa hiyo jedwali moja lilibakiza mstari uliorudiwa na kufuta usiorudiwa, kwa sababu macho yalifuata kiasi badala ya kumbukumbu namba.

La mwisho: benki 247,000, jedwali 274,000, kumbukumbu namba moja. Tofauti ni 27,000. Ukipindua tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti siku zote inagawanyika kwa 9, na 27,000 kwa 9 ni 3,000. Kipimo hiki kinafaa kwa mstari mmoja. Ukikitumia kwenye jumla ya 291,000 hakikuambii kitu, kwa kuwa makosa matatu yamechanganyika mle.

Toa 360,000, ongeza 96,000, toa 27,000: 1,403,000 inakuwa 1,112,000. Makato ya 2,500 hayahusiani na mauzo, yanaandikwa kwenye matumizi ya duka.

Kwa mwezi wenye mistari mamia, ninaichapa kwenye karatasi mbili za Excel, `Benki` na `Mauzo`, kumbukumbu namba safu B na kiasi safu C. Kisha kwenye `Mauzo`:

```
=COUNTIFS(Benki!$B:$B,B2,Benki!$C:$C,C2)
=COUNTIFS(Mauzo!$B:$B,B2,Mauzo!$C:$C,C2)
```

Ya kwanza ikitoa 0, mstari huo benki haupo au kiasi hakilingani. Ya pili ikitoa 2, umerudiwa. Kwenye `Benki` ninaigeuza ya kwanza ielekee `Mauzo`, ndipo zinajitokeza zilizosahaulika.

Angalizo moja hapa. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inazigeuza sifuri. Kwa hiyo ninaiweka safu B iwe maandishi kabla ya kuchapa. Hata hivyo COUNTIFS inazisoma kama namba kumbukumbu zenye tarakimu tupu, na mbili zinazotofautiana kuanzia tarakimu ya 16 itazihesabu kuwa moja. Ninaongeza herufi mbele ya kila moja, kwa mfano `K`, na tatizo linaisha. Skrinishoti ikionyesha kitu kama `1.23457E+15`, namba hiyo huwezi kuipata kwenye picha. Mwenye duka atume faili lenyewe, na kama tarakimu zilizidi 15 wakati wa kuchapa, basi arudi kwenye ujumbe wa benki, kwa maana hata ndani ya faili zimeshapotea.