Elimu kwa Umma: Kabla Hujauza Franchaizi ya Duka Lako la Juisi

Malalamiko kuhusu franchaizi za maduka ya juisi, yaani kumuuzia mtu haki ya kufungua tawi kwa jina na mapishi yako, yanaongezeka, na karibu yote yana sura mbili. Mwenye tawi analia kwamba mrabaha, yaani fungu analomlipa mwenye chapa kila mara, unamkausha. Mwenye chapa naye anadai tawi linaongeza maji kwenye juisi na kuficha mauzo. Wote huja na mkataba mkononi, na kwa kawaida chanzo cha ugomvi kimo humohumo kwenye mkataba.

Tuanze na ada. Wengi hupanga mrabaha kwa kutazama faida ya duka mama, na hapo ndipo wanapokosea. Katika duka mama, mwenyewe ndiye msimamizi, ndiye mnunuzi wa matunda sokoni, wala hajilipi mshahara. Tawi litamwajiri mtu kwa kazi hizo zote. Kwa hiyo andika upya hesabu za duka lako kana kwamba wewe haupo.

Chukua mfano huu. Katika kila 100 ya mauzo, matunda na vikombe vinakula 38, mishahara 24 pamoja na ya msimamizi, pango 14, umeme, maji na mengineyo 9. Zinabaki 15. Ukitoza mrabaha wa asilimia 6 na mchango wa matangazo wa asilimia 2, mwenye tawi anabaki na 7, na kutokana na hizo atarudisha mtaji wa mashine na majokofu. Ukitoza 12 na 3, umemwachia sifuri. Mtu wa namna hiyo ataongeza maji tu, hata awe mcha Mungu kiasi gani.

Mrabaha utozwe kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa sababu faida ya tawi inaweza kupunguzwa kwa kalamu. Kiingilio nacho kilipie gharama halisi za kufungua tawi, yaani mafunzo, safari za wakaguzi na vitabu vya vipimo. Anayetegemea viingilio kuishi atafungua matawi mengi kuliko anavyoweza kuyakagua.

Mafunzo tunayapitia haraka. Mapishi yaandikwe kwa gramu na mililita, si kwa "kiganja" wala "kidogo tu". Mwanafunzi asipewe cheti kwa kuhudhuria. Atengeneze glasi kumi za juisi ileile, zipimwe na kuonjwa mbele yake, na zikitofautiana arudie.

Ukaguzi ndio wenye uzito. Wakaguzi wengi hufika, wakaonja, wakapiga picha, wakaondoka. Huko si kukagua. Anza na stakabadhi za matunda. Tuseme kwenye duka mama umepima mara kadhaa na kuona kilo 100 za machungwa hutoa takriban lita 42 za juisi. Kwa glasi ya mililita 300, hizo ni glasi 140. Tawi likionyesha glasi 200 kutokana na kilo hizohizo, kuna maji yaliyoongezwa. Likionyesha 90, ama machungwa yameoza au kuna mauzo yasiyopitia kwenye mashine ya risiti. Daftari la matunda yaliyotupwa, likijazwa kila siku, ndilo litakaloamua ni lipi kati ya hayo mawili. Na kwa kuwa chungwa la msimu mmoja halina maji sawa na la msimu mwingine, pima upya kila msimu kabla hujamtuhumu mtu.

Kipo pia kifaa kiitwacho rifraktomita, kinachopima utamu kwa tone moja la juisi. Juisi halisi ya machungwa mara nyingi husoma kati ya 10 na 12. Ikisoma 7, shuku maji. Lakini tafadhali msikitegemee peke yake, maana aliyeongeza maji akitia na sukari, kipimo kitarudi pale pale. Sukari hiyo haiongezi machungwa kwenye stakabadhi.

Joto la jokofu liandikwe asubuhi na jioni, lisizidi nyuzi 5. Juisi ya tikiti maji iangaliwe kwa ukali zaidi kwa sababu ina asidi kidogo na bakteria huzaliana humo upesi.

Sasa adhabu. Tunashauri mkataba utaje hatua tatu. Kwanza, barua ya onyo inayotaja kosa, tarehe na kipimo kilichopatikana, pamoja na muda wa kurekebisha, kwa mfano siku 14. Pili, ukaguzi wa marudio, gharama juu ya tawi, na faini iliyotajwa kwenye mkataba. Tatu, kusitisha mkataba kwa notisi, kisha tawi lishushe bango na kurudisha vitabu vya vipimo. Kosa linalohatarisha afya ya mlaji lisisubiri siku 14. Mkataba uruhusu kusimamisha uuzaji siku hiyohiyo. Kushusha bango la mtu usiku bila barua hata moja, kama baadhi yenu mnavyofanya, kunaweza kukugeuza mdaiwa hata kama juisi yake ilikuwa maji matupu. Kila barua iambatane na karatasi ya vipimo vya siku ya ukaguzi, ikiwa na sahihi ya mkaguzi na ya msimamizi wa tawi.