Kucheza gemu simu ikiwa kwenye chaji

“Kama chaja ni orijino, kucheza huku simu inachaji hakuna shida, si ndiyo?”

Chaja nzuri inalinda umeme usizidi, lakini haiwezi kuondoa joto, na joto ndilo linalochosha betri ya lithiamu. Gemu nzito huichemsha prosesa. Kuchaji nako huipasha betri yenyewe. Vikikutana, kemikali za ndani huharibika haraka zaidi, hasa chaji ikiwa juu ya asilimia 80, maana hapo volteji ya betri ni kubwa. Uharibifu huo haurudi nyuma.

Jaribu mwenyewe: cheza nusu saa bila chaja, ushike mgongo wa simu. Ikishapoa, rudia ukiwa umechomeka. Utakuta ya pili ina moto zaidi, na pengine gemu inakwamakwama kwa sababu simu imejipunguzia kasi ili ipoe.

Mimi ningechaji kwanza hadi 80, nichomoe, ndipo nicheze. Ukilazimika kucheza imechomekwa, vua kava, zima chaji ya haraka, usiiweke juu ya godoro. Ukiona mgongo umevimba, acha kuitumia wala usiichaji tena. Peleka kwa fundi.