Kwa nini mbuzi wa asubuhi huwa mgumu mchana

Kwenye shughuli nyingi za Dodoma ratiba ni ileile: mbuzi anachinjwa saa moja asubuhi, saa mbili keshakatwa vipande, saa nne yuko jikoni, saa saba wageni wanatafuna. Nyama inavutika kama mpira, na lawama zinamwangukia mpishi au aliyemchagua mbuzi. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Nyama imefika jikoni katika saa zake mbaya kuliko zote.

Mnyama akifa, misuli yake haifi papo hapo. Ndiyo maana mnofu wa moto ukitiwa chumvi unachezacheza. Ndani ya msuli kuna nyuzi nyembamba na nyuzi nene zinazopishana, na ili ziachiane baada ya kukaza zinahitaji nishati. Damu ikishakauka hakuna tena oksijeni, kwa hiyo msuli unatumia akiba yake ya sukari, yaani glaikojeni, na kuigeuza asidi ya laktiki. pH ya nyama inashuka polepole kutoka karibu 7 hadi karibu 5.6. Akiba ikiisha, nyuzi zinabaki zimeng'ang'aniana. Huko ndiko kukakamaa kwa baada ya kifo. Kwa kuku kunaanza ndani ya saa chache tu, kwa mbuzi saa kadhaa, kwa ng'ombe kunaweza kuchukua nusu siku na zaidi. Kukiwa na joto kunawahi.

Kutambua kukakamaa huko si kazi. Shika mguu wa mzoga uliotundikwa ujaribu kuukunja. Baada ya kuchinja unakunjika vizuri, baadaye unagoma kabisa.

Sasa mrudie yule mbuzi wa saa moja. Tatizo si muda peke yake, ni panga pia. Msuli ulioshikamana na mfupa unavutwa na mifupa pande zote mbili, hivyo hata ukikaza hauwezi kufupika sana. Ukiukata vipande ungali wa moto, hauna kinachouzuia: kila kipande kinajikunja na kunenepa, na msuli uliokakamaa ukiwa mfupi ndio mgumu kuliko wote. Kupika hakuufungui. Ini halina shida hiyo kwa kuwa halijajengwa kwa nyuzi za namna hiyo, na wale wanaolichoma dakika chache baada ya kuchinja wanajua wanachofanya.

Dawa ni kusubiri, ingawa si kwamba nyuzi zinachoka na kuachiana zenyewe. Kwenye nyama kuna vimeng'enya, hasa kalpaini, ambavyo vinakata taratibu viungo vinavyoshikilia nyuzi hizo mahali pake. Mnofu wa mbuzi unaonyesha tofauti baada ya siku moja au mbili za kukaa kwenye ubaridi. Wa ng'ombe unaendelea kulainika kwa wiki moja au mbili kwenye chumba cha baridi cha nyuzijoto 2 hadi 4.

Ubaridi nao una adabu yake. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla haijakakamaa, inajikunja kwa nguvu zaidi. Kuitupa ya moto kwenye friza ni kubaya zaidi: siku ukiiyeyusha itakaza ghafla na kumwaga maji mengi. Joto linalofaa wakati wa kukakamaa ni nyuzi 15 hadi 20 hivi, na hapa Dodoma tuna bahati, kwa sababu usiku wa Juni na Julai huwa karibu na hapo. Mbuzi wa Jumamosi achinjwe Ijumaa saa kumi na moja jioni, akaguliwe, atundikwe mzima mahali penye upepo, afunikwe kitambaa safi kisichomgandia ili inzi wasimfikie, kisha akatwe alfajiri na kupikwa au kuingizwa kwenye friji. Usiku wa Novemba hapa ni wa joto, bakteria watawahi kuliko vimeng'enya. Bila chumba cha baridi usijaribu. Nyama yenye utelezi au harufu ya uchachu haijalainika, imeoza.

Kuna mbuzi ambao kusubiri hakuwasaidii sana. Aliyeswagwa mchana kutwa hadi mnadani na kuchinjwa akiwa hoi anafika na glaikojeni kidogo, asidi haitengenezwi ya kutosha, na nyama inabaki nyeusi, yenye kunata, na inaharibika upesi. Afadhali apumzishwe usiku mmoja, apewe maji, ndipo achinjwe. Na beberu mzee ugumu wake unatoka kwingine, kwenye kolajeni, zile tando na kano zilizokomaa kwa umri. Hata akitundikwa siku mbili, choma yake itakushinda meno. Huyo mchemshe kwa moto mdogo saa mbili tatu, kolajeni igeuke mchuzi mzito.