Uhalali na uthabiti wa kipimo: unapoulizwa kama unamwamini rais

Mhojaji anabisha hodi, anakaribishwa kiti, anafungua dodoso. Baada ya maswali ya umri na kazi anafika hapa: je, unamwamini rais kiasi gani? Majibu ni manne: simwamini kabisa, kidogo tu, kiasi, au sana. Hivi ndivyo Afrobarometer, mtandao wa utafiti ulioanza mwaka 1999, unavyopima imani kwa serikali katika nchi nyingi za Afrika. Ulipoingia Tanzania mwaka 2001, Watanzania walionyesha imani kubwa mno kwa viongozi wao, kiasi cha watafiti wenyewe kujiuliza: hii ni imani kweli, au ni raia wasiozoea kuhoji?

Swali hilo la watafiti ndilo swali la uhalali. Kipimo kina uhalali kikipima kile kinachodai kupima. (Wanasiasa wana uhalali wao mwingine, ule wa serikali kukubalika kwa wananchi. Hapa tunazungumzia uhalali wa swali.) Uthabiti ni jambo jingine: kipimo ni thabiti kikitoa jibu lilelile pale ambapo kinachopimwa hakijabadilika.

Uthabiti ni rahisi zaidi kuupima. Unaweza kurudi kwa watu walewale baada ya wiki mbili na kuuliza tena. Njia nyingine ni kuuliza kuhusu rais, bunge, mahakama na polisi, kisha kutazama kama majibu yanakwenda pamoja. Hesabu inayotumika sana hapo ni alfa ya Cronbach. Ikikaribia 1, majibu yanashikamana, na wengi huridhika ikifika 0.7.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mchukue mama mmoja anayedhani mhojaji katumwa na serikali. Kwa rais anajibu "sana". Kwa bunge, "sana". Mahakama, polisi, "sana" na "sana". Ukirudi wiki mbili baadaye, majibu ni yaleyale, maana na hofu yake ni ileile. Watu wa namna yake wakiwa wengi kwenye sampuli, alfa inapanda. Kipimo kimekuwa thabiti zaidi kwa sababu kimeacha kupima imani na kuanza kupima tahadhari. Binafsi, nikiona alfa ya 0.95 kwenye maswali ya siasa katika nchi ambayo watu huangalia huku na huku kabla ya kumtaja kiongozi, huwa sifurahi.

Utajuaje? Afrobarometer huuliza swali moja la maana sana mwishoni mwa mahojiano: unadhani nani katutuma? Wahojaji hujitambulisha mwanzoni kuwa hawatoki serikalini, lakini wengi hujibu: serikali. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu 1,200. Kati yao 500 wanadhani serikali ndiyo iliyotuma, na 400 miongoni mwa hao wanasema wanamwamini rais, yaani asilimia 80. Katika wale 700 waliobaki wanaosema hivyo ni 385, asilimia 55. Ukijumlisha wote unapata takriban asilimia 65, na hiyo ndiyo itakayoandikwa magazetini.

Pengo hilo la 25 bado halithibitishi hofu. Huenda wanaoiona serikali kila mahali ni wazee wa vijijini, ambao kweli wanaiamini zaidi. Kwa hiyo kwanza linganisha wazee wa kijijini na wazee wa kijijini wenzao, kisha uone pengo linabaki kiasi gani.

Kuna mbinu inayokwenda mbali zaidi, ya orodha. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wanasomewa sentensi tatu za kawaida, mfano "nasikiliza taarifa ya habari kila siku", na kila mmoja anataja tu ni ngapi zinazomhusu. Nusu nyingine wanapewa hizohizo tatu pamoja na ya nne: "namwamini rais". Hakuna anayesema ni zipi. Kundi la kwanza likitoa wastani wa 1.8 na la pili 2.3, tofauti ni 0.5: nusu ya watu wanamwamini. Swali la wazi lilitoa asilimia 65, hivyo takriban 15 zinaweza kuwa za adabu au woga.

Nasema "zinaweza" kwa sababu mbinu hii nayo ina udhaifu, tena wa upande wa pili. Makadirio yake huyumba sana, na ukirudia kwa sampuli nyingine 0.5 inaweza kuwa 0.43 au 0.57. Umejisogeza karibu na uhalali kwa kulipa uthabiti, na huwezi tena kujua jibu la mtu mmojammoja. Pia haikusaidii kujua "kumwamini" kulimaanisha nini kwa aliyejibu: kwamba rais ni mkweli, kwamba ana uwezo, au kwamba yeye ndiye mkubwa na hapingwi. Kwa hilo inabidi ukae na watu wachache kabla ya utafiti, uwasomee swali, kisha uwaombe wakueleze kwa maneno yao wamelisikiaje.